Tone la mafuta kati ya mabamba mawili: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Kirumba, Mwanza, jioni na Jumamosi. Kifaa chetu cha tone la mafuta kimekaa mezani muda mrefu, na kila mwaka maswali ni yaleyale, mengine hunifikia saa nne usiku kwa simu. Nimeyaandika hapa ili mtu asome kwanza kabla ya kunipigia.

Kwa ufupi, tunafanya nini hasa?

Tunatafuta chaji ya elektroni moja. Tunachukua mabamba mawili ya chuma, moja juu na jingine chini, yote yamelala sawasawa. Katikati kuna nafasi ya milimita chache. Bamba la juu lina tundu dogo, na ukungu wa mafuta unapulizwa juu yake ili matone machache yapenye. Tunayamulika kwa pembeni na kuyatazama kwa hadubini. Usiku ukisimama kwenye miamba ya Kapripointi ukaona karabai za wavuvi wa dagaa mbali ziwani, vidoa vya mwanga kwenye giza tupu, basi ndivyo matone yanavyoonekana. Hulioni tone lenyewe, unaona mwanga unaorushwa nalo.

Tone lenye chaji linavutwa chini na uzito wake. Ukiweka volti kati ya mabamba, uga wa umeme unalivuta juu, endapo umeelekeza vizuri. Ukizungusha kitufe cha volti polepole unafika mahali tone linasimama. Hapo kani mbili zinalingana:

```
qE = W
E = V/d
q = W d / V
```

`q` ni chaji ya tone, `E` ni uga wa umeme, `W` ni uzito wa tone, `d` ni umbali kati ya mabamba, `V` ni volti iliyolisimamisha. Mitihani mingi huishia hapo, na uzito wa tone unapewa bure kwenye swali. Mezani hakuna anayekupa. Volti inasomwa kwenye mita na umbali unapimwa mara moja, lakini uzito wa kitu ambacho hakuna mzani wa kukipima ndio kazi yenyewe, na ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu yangu hapa chini inazunguka uzito.

Kwa nini mafuta? Ziwa liko hapo nje, maji hayafai?

Robert Millikan, pale Chuo Kikuu cha Chicago, alianza na maji. Tone dogo la maji hukauka huku unalitazama, uzito unapungua, na volti uliyoisawazisha sasa hivi si sahihi baada ya muda mfupi. Mwaka 1909 kazi ikahamia kwenye mafuta mepesi ya saa, ambayo karibu hayakauki kabisa. Mwanafunzi wake Harvey Fletcher ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ya mwanzo kwa mikono yake, ingawa Nobeli ya 1923 ilikwenda kwa Millikan peke yake.

Sisi tunatumia mafuta mepesi ya mashine. Tumewahi kujaribu mafuta ya pamba ya kupikia, maana Kanda ya Ziwa hayakosekani. Yalifanya kazi, ila ni mazito na yaliziba tundu la kichupa cha manukato tulichokuwa tunapulizia. Ukitumia mafuta yoyote usiyoyajua, pima densiti yake mwenyewe: pima mililita 50 kwa sindano au silinda, weka kwenye mzani, gawanya. Yetu yanatoa kilo 875 kwa mita ya ujazo.

Chaji imetoka wapi wakati sijaiweka?

Kwenye mdomo wa kipulizio. Mafuta yanaposuguana na tundu na kupasuka vipande, baadhi ya vipande vinaondoka na elektroni za ziada, vingine vinaondoka vimepungukiwa. Ndiyo maana ukiwasha volti unaona vurugu: matone mengine yanapanda, mengine yanaongeza kasi ya kushuka, mengine hayajali kabisa. Yasiyojali hayana chaji, yaache yaende.

Bamba la juu likiwa chanya na tone likasimama, tone lina chaji hasi. Swali hilo linajibiwa kwa mstari mmoja tu.

Nichague tone lipi?

Wageni wote huchagua lile linalong'aa sana, na hapo ndipo wanapokosea. Tone kubwa linaanguka haraka, halikupi muda wa kulipima, na mara nyingi lina chaji nyingi. Ukiwa na elektroni kumi na tisa au ishirini, kosa dogo tu la kipimo linakufanya ushindwe kujua ni ngapi. Tone dogo kupita kiasi nalo linatetemeka kama mtu mwenye homa, kwa sababu molekuli za hewa zinaligonga huku na huko.

Zima volti, tazama. Tone linaloshuka milimita moja kwa sekunde 12 hadi 25 ndilo la kushika. Kisha washa volti na uone kama linasimama kati ya volti 100 na 600. Likisimama kwa volti 40, lina chaji nyingi mno, liachie.

Tone langu linashuka nikiwasha volti na kupanda nikizima. Uzito unavuta juu?

Hapana. Hadubini nyingi za aina hii zinageuza picha juu chini. Zima volti: upande ambao matone yote yanaelekea ndio chini halisi. Weka alama kwa kalamu pembeni ya hadubini na usahau.

Nitajuaje kwamba limesimama kweli?

Hili lina utamu wake, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba tone halisimami kabisa. Litacheza kidogo juu na chini, kulia na kushoto, hata volti ikiwa sahihi kabisa. Unachotafuta ni kwamba baada ya nusu dakika liko karibu na mstari uleule, halielekei upande mmoja tu.

Tone la ukubwa ninaousema, lenye rediasi ya kama robo tatu ya mikromita, hutangatanga kwa kugongwa na hewa kama milimita 0.03 ndani ya sekunde 30. Hiyo ina maana huwezi kutofautisha kwa macho volti 293 na volti 298. Ukiniletea daftari limeandikwa volti 296.47 nitakuuliza hizo desimali umezipata wapi. Andika 296, na pembeni andika kwamba inaweza kupungua au kuzidi kwa 5.

Millikan aliliona hilo mapema. Vipimo vyake vikubwa vya baadaye havikutegemea kulisimamisha tone. Alipima muda wake likishuka bila umeme na muda wake likipanda na umeme, kwa kuwa kasi inapimika vizuri kuliko utulivu. Njia ya kusimamisha tunaipenda kwa sababu fikra yake inaonekana wazi, na kwa tone lenye chaji chache inatosha.

Tone likienda pembeni badala ya juu au chini, usiguse volti. Ama mabamba hayajalala sawa, weka pima maji na urekebishe miguu ya kifaa, ama hewa ndani inazunguka kwa joto la taa. Sisi tulikuwa na taa ya zamani yenye waya wa kuwaka, na matone yalikuwa yanaenda pembeni kama yanasukumwa na upepo wa ziwani. Tulipobadilisha tukaweka kitochi cha betri kisichopata moto, yakatulia siku ileile.

Basi uzito wa tone napimaje?

Unalizimia umeme na kuliacha lianguke. Hewa inalizuia, na ndani ya muda mfupi mno tone linafikia kasi isiyobadilika. Tone kubwa lina kasi kubwa, dogo lina kasi ndogo, kwa hiyo kasi inakueleza ukubwa. Kanuni ni ya George Stokes: uzuizi wa hewa kwa kitu cha duara ni `6πηrv`, ambapo `η` ni mnato wa hewa. Ukilinganisha uzuizi huo na uzito uliopunguzwa na kani eleo ya hewa, unapata rediasi:

```
r0 = sqrt( 9ηv / (2(ρ-σ)g) )
```

`ρ` ni densiti ya mafuta, `σ` ni densiti ya hewa. Nimeiita `r0` kwa makusudi. Hiyo siyo rediasi ya mwisho, na sababu utaikuta mbele kidogo.

Umbali wa kuanguka unausoma kwenye mistari iliyo ndani ya kioo cha hadubini. Mistari hiyo haina maana mpaka uipime mwenyewe kwa rula ndogo ya kioo yenye milimita zilizogawanywa, uliyoiweka mahali tone linapokaa. Kuna mwaka tulikubali namba iliyokuwa kwenye karatasi ya kifaa bila kuihakiki, na darasa zima likapata chaji iliyozidi kwa upande mmoja, kila tone, kila kundi. Namba ya karatasi ilikuwa ya kioo kingine. Tangu hapo hakuna anayeanza kazi kabla ya kupima mistari.

Naomba mfano mmoja kamili, na namba halisi.

Haya. Tone moja, jioni moja, nyuzi joto kama 27. Mabamba yako umbali wa milimita 6.00. Volti iliyolisimamisha ni 296. Tukazima, likashuka milimita 1.00, tukawasha volti kubwa zaidi likapanda, tukazima tena. Mara kumi. Muda kwa sekunde: 14.6, 15.3, 15.1, 14.8, 15.4, 14.9, 15.2, 14.7, 15.0, 15.0. Wastani ni 15.0.

Msishangae namba kutofautiana. Sehemu ya tofauti hiyo ni kidole chako kwenye saa, na sehemu kubwa ni hewa inayoligonga tone. Ndiyo maana mara moja haitoshi.

Kasi ni `6.67e-5` mita kwa sekunde. Mnato wa hewa kwa joto hilo ni `1.85e-5` paskali sekunde. Densiti ya mafuta ukitoa ya hewa ni 874, na `g` ni 9.78. Ukiweka kwenye kanuni ya Stokes:

```
r0 = 8.06e-7 m
W0 = (4/3)π r0^3 × 874 × 9.78 = 1.87e-14 N
E  = 296 / 0.00600 = 4.93e4 V/m
q0 = W0 / E = 3.80e-19 C
```

Sasa gawanya kwa chaji ya elektroni moja, `1.602e-19`. Unapata 2.37.

Elektroni mbili na theluthi? Nimekosea wapi?

Hujakosea hesabu. Hili ndilo swali linaloniletea simu za usiku, na ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Wanafunzi wengi hapa hufanya jambo baya: wanazungusha 2.37 kuwa 2, wanaandika "makosa ya kibinadamu", wanafunga daftari. Lakini pima tone jingine dogo zaidi, kisha jingine kubwa, uone. Mabaki hayafanani. Dogo linazidisha zaidi, kubwa linazidisha kidogo. Kosa la kibinadamu halichagui ukubwa wa tone. Linalochagua ukubwa ni kanuni iliyotumika nje ya mipaka yake.

Stokes aliichukulia hewa kama kitu kinachoungana, kama asali au maji, kisicho na nafasi ndani. Kwa mpira unaozama kwenye glasirini ni sawa kabisa. Lakini molekuli ya hewa husafiri umbali fulani kabla ya kugongana na nyingine, na umbali huo hapa kwetu ni karibu sehemu ya kumi ya rediasi ya tone letu. Kwa tone dogo hivyo hewa ina mianya. Tone linateleza kupita kwenye mianya, linashuka haraka kuliko Stokes alivyotabiri, nawe ukiona haraka hiyo unadhani tone ni kubwa. Ukubwa unaingia kwenye uzito kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo rediasi iliyozidi asilimia 6 tu inakuzalia uzito uliozidi karibu asilimia 19.

Sahihisho lina jina la Cunningham, na Millikan aliupima ukubwa wake kwa matone yenyewe. Ukilifungua, rediasi halisi inakuwa:

```
r = -b/(2p) + sqrt( (b/(2p))^2 + r0^2 )
b = 8.2e-3 Pa·m
```

`b` ni namba ya sahihisho hilo, na `p` ni mgandamizo wa hewa ndani ya chumba. Kwa jioni ile `p` ilikuwa paskali 88,600. Basi:

```
r = 7.61e-7 m
W = 1.58e-14 N
q = 3.20e-19 C
q / 1.602e-19 = 2.00
```

Tone lilikuwa na elektroni mbili. Sikuchagua tone hili kwa sababu limetoka zuri mno. Mengine yanatoka 1.94 au 3.08, na hayo ni mazuri pia. Ukikosea muda kwa asilimia 2, chaji inakosea kwa kama asilimia 3, kwa hiyo usitegemee `.00` kila siku.

Mgandamizo wa hewa nautoa wapi? Simu yangu inasema 1014.

Usiitumie hiyo! Programu ya hali ya hewa kwenye simu inatoa mgandamizo uliorekebishwa kana kwamba Mwanza iko usawa wa bahari. Ni desturi ya watu wa hali ya hewa, ili waweze kulinganisha miji. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari na hewa halisi hapa pwani ya ziwa ni karibu hektopaskali 886. Mwenzako wa Dar es Salaam akisoma 1014 yuko karibu na ukweli, wewe hauko.

Ukiingiza 101,400 kwenye mfano wetu wa juu badala ya 88,600, chaji inatoka zaidi kwa asilimia 2 na kidogo. Ni ndogo, lakini inaegemea upande mmoja siku zote, na kosa la namna hiyo halipungui hata upime matone mia. Simu nyingine zina kipimo chao cha ndani cha mgandamizo. Ukiona inasoma kati ya 880 na 890 ukiwa mjini, hicho ndicho.

Na g je? Tuandike 9.81 au 10?

Hapa tuko karibu na ikweta na juu kidogo, kwa hiyo 9.78 ndiyo yetu. 9.81 itakukosesha kidogo mno kiasi kwamba hutaona. Kumi ni ya mtihani wa kidato cha pili, iache huko.

Je, naweza kuona kwamba chaji inakuja kwa vipande bila kuhesabu uzito kabisa?

Unaweza, na kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Nashangaa vitabu vinaipita mbio.

Lishikilie tone moja, usiliachie. Ukikaa nalo muda mrefu, kuna wakati linanasa ioni iliyokuwa ikizurura hewani. Utajua mara moja: tone lililokuwa limetulia linaondoka ghafla, juu au chini, bila wewe kugusa chochote. Uzito wake haujabadilika, ni tone lilelile. Kilichobadilika ni chaji. Lisawazishe upya na uandike volti mpya.

Tone letu la jioni ile lilianza na volti 296. Baadaye likaruka juu, tukalisimamisha kwa 197. Likaruka tena, tukapata 147. Sasa zidisha volti ya kwanza kwa 2, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 4. Unapata 592, 591, 588. Ni namba moja, ndani ya ukungu wa kipimo. Chaji mara volti haibadiliki kwa sababu uzito na umbali havibadiliki, kwa hiyo chaji zilikuwa kama 2, 3 na 4. Hakuna Stokes hapo, hakuna mnato, hakuna mgandamizo wa hewa. Kinachokosekana ni kipande chenyewe kina kulombu ngapi, na kwa hilo lazima urudi kwenye uzito.

Lakini je, nimejuaje ni 2, 3, 4 na siyo 4, 6, 8? Nenda Mwaloni, simama karibu na mama anayeuza dagaa kwa sado. Huoni sado, unaona tu hela anazopokea: elfu sita, elfu tisa, elfu kumi na tano. Utasema sado ni elfu tatu. Mtu anaweza kubisha kwamba bei ni elfu moja mia tano na wote walinunua sado za shufwa. Huwezi kumkatalia kwa wateja watatu. Wateja hamsini wakipita na hakuna hata mmoja aliyelipa elfu nne na mia tano, ubishi unakufa wenyewe. Matone ni hivyohivyo. Tone moja halithibitishi kipande kidogo kabisa, linaonyesha tu kwamba kuna kipande. Kundi la matone ishirini ya jirani yako na ishirini yako ndiyo yanayofunga hesabu.

Umbali wa mabamba nipime vipi?

Usipime nafasi yenyewe kwa rula. Toa ile pete ya plastiki inayotenganisha mabamba, ipime unene kwa kalipa sehemu tatu au nne. Kama sehemu moja ni nene kuliko nyingine, mabamba hayajalala sambamba na uga haulingani kila mahali. Millikan alitumia mabamba ya shaba nyeupe yenye upana wa sentimita 22 yaliyotengana milimita 16, mapana sana kwa nafasi ile, ili tone la katikati lisijue habari za kingo. Yetu ni madogo zaidi, basi kaa katikati.

Volti 600 si hatari?

Ni hatari kama chanzo chako kinaweza kutoa mkondo mkubwa. Chanzo cha kifaa hiki kinatakiwa kiwe na kizuizi ndani yake kinachobana mkondo, maana matone hayahitaji mkondo wowote wa kuzungumzia. Usiunge chochote ulichokitengeneza mwenyewe kutoka kwenye umeme wa ukutani. Zima kabla ya kufungua mabamba kuyafuta, na yafute kila baada ya kazi: mafuta yakijaa kwenye pete, vumbi na unyevu wa ziwani vinashika hapo, volti inavuja, na mita inaanza kushuka yenyewe.

Nimesoma kwamba Millikan mwenyewe alipata namba isiyo sahihi. Kweli?

Namba yake ya mwaka 1913 ukiigeuza kwa kulombu ni `1.592e-19`. Ya leo, iliyowekwa rasmi tangu Mei 2019, ni `1.602176634e-19`. Alipungukiwa kwa kama asilimia 0.6, na chanzo kikubwa kilikuwa mnato wa hewa alioutumia, uliokuwa mdogo kidogo kuliko halisi. Unaona tena: volti zake zilikuwa safi, uga ulikuwa safi, kilichomwangusha ni njia ya kufikia uzito.

Watu huniuliza pia kuhusu madaftari yake. Alichapisha matone 58 na kuandika kwamba hayakuchaguliwa, lakini madaftari yake yana matone mengine ambayo hayakuingia. Mengine aliyaacha kwa sababu za maana, kama hewa kuyumba. Mimi darasani nasema hivi: tone lolote ukilitupa, andika sababu pale pale kabla hujahesabu chaji yake. Ukiandika sababu baada ya kuona jibu, hiyo siyo sababu tena.

Umeme ukikatika katikati ya kipimo, tone linapotea?

Inategemea liko wapi. Tone la mfano wetu linashuka milimita moja kwa sekunde 15. Kutoka katikati mpaka bamba la chini ni milimita 3, yaani una sekunde 45. Nikiona taa zinacheza nje huwa nalipandisha juu kabisa karibu na tundu, ili nipate kama dakika moja na nusu. Jenereta ya jirani yetu huchukua dakika mbili kuwaka.